Betri inayokunywa joto

Chukua waya wa fedha uliovikwa kloridi ya fedha, uutumbukize upande mmoja wa chombo cha kioo. Upande wa pili weka zebaki kidogo, na juu yake tandaza uji mzito wa kalomeli, ile chumvi nyeupe ya zebaki na klorini. Mimina maji yaliyoyeyushwa kloridi ya potasiamu mpaka yafike pande zote mbili, kisha unganisha mita. Kwenye nyuzi 25 za Selsiasi mita itasoma milivolti 45.5 hivi, na upande wa zebaki ndio utakaokuwa chanya. Betri ya kawaida ya redio ina volti 1.5, yaani zaidi ya mara thelathini ya hapo, kwa hiyo hakuna atakayewasha hata taa ndogo kwa kifaa hiki. Ila kina tabia moja ambayo wanafizikia wakubwa wa katikati ya karne ya 19 wasingeikubali: kinatoa umeme huku kikinyonya joto kutoka kwenye vitu vinavyokizunguka.

Tumezoea kinyume chake. Simu ikifanya kazi kubwa inapata moto mkononi, na betri ya gari ikivutwa sana inapata joto. Inakuwaje basi seli itoe umeme na wakati huohuo iwe inapoa? Na la ajabu zaidi, inawezekanaje kujua inanyonya joto kiasi gani bila kuligusa joto lenyewe, kwa kusoma volteji tu kwenye maji ya vuguvugu na kwenye maji ya baridi?

Tuanze na kosa la watu wenye akili. Mwaka 1847 Hermann von Helmholtz, na mwaka 1851 William Thomson, ambaye baadaye aliitwa Lord Kelvin, walifikiri hivi: mmenyuko wa kemikali ukifanyika kwenye bika hutoa joto fulani. Mmenyuko huohuo ukifanyika ndani ya seli, nishati ileile itatoka ikiwa umeme. Kwa hiyo pima joto la mmenyuko, ligawe kwa chaji inayopita, na utaipata volteji ya seli. Hoja ni nyepesi, tena inaheshimu kanuni ya kutopotea kwa nishati, ambayo wakati huo ilikuwa bado mpya.

Bahati mbaya, seli iliyokuwa karibu na kila mtu ilikubaliana na hoja hiyo. Seli ya Daniell, ya zinki na shaba, ilivumbuliwa mwaka 1836 na ilitumika sana kwenye telegrafu. Ukichukua joto la mmenyuko wake, kilojouli 218 hivi kwa kila moli ya zinki, na kulifanyia hesabu ya Thomson, unapata volti 1.13. Mita inasoma 1.10. Kwa vifaa vya zama zile, tofauti ya sehemu tatu kwa mia ni rahisi kuisamehe na kuihesabu kuwa hitilafu ya vipimo. Kumbe haikuwa hitilafu.

Sasa jaribu kanuni hiyohiyo kwa seli yetu ya fedha na kalomeli. Mmenyuko wake ni huu:

Ag + ½Hg₂Cl₂ → AgCl + Hg

Fedha inachukua klorini kutoka kwa kalomeli, na zebaki inabaki huru. Ukiutazama mmenyuko huu kwa upande wa joto, hautoi. Unameza kilojouli 5.3 hivi kwa kila moli ya fedha. Ukifuata kanuni ya Thomson, volteji inatakiwa kuwa hasi milivolti 55, maana yake umeme upite kinyume, fedha iwe chanya na zebaki iwe hasi. Mita inasema chanya 45.5. Hapa kanuni haikukosea kwa sehemu tatu kwa mia. Imekosea hadi upande wa kuelekea.

Waliorekebisha jambo hili ni Willard Gibbs huko Marekani katika miaka ya 1870, na Helmholtz mwenyewe, aliyerudi mwaka 1882 na kueleza kwamba joto la mmenyuko sio linaloamua volteji. Kinachoamua ni nishati huru, yaani ile sehemu inayoweza kugeuzwa kazi. Kati ya joto la mmenyuko na nishati huru kuna kipengele kimoja kinachoingia katikati, nacho ni entropi ikizidishwa na halijoto. Ichukulie kama kodi kwenye mshahara. Kwa menyuko nyingi kodi inakatwa, na unachopata mkononi ni kidogo kuliko mshahara wa kwenye karatasi. Kwa seli ya Daniell makato ni madogo, ndiyo maana Thomson hakuyaona. Kwa seli ya fedha na kalomeli mambo yamepinduka: mshahara wa kwenye karatasi ni deni, lakini mazingira yanaleta ruzuku kubwa kuliko deni hilo, na mkononi kinabaki kitu.

Entropi yenyewe ni kipimo cha jinsi chembe na nishati zilivyo na nafasi ya kujipanga kwa namna nyingi. Kitu kigumu chenye chembe zilizokaa kwenye safu zake kina entropi ndogo. Kikiyeyuka, chembe zinapata uhuru na entropi inapanda. Kwa mahitaji yetu hiyo inatosha. Swali ni namna ya kuipima, maana hakuna chombo cha kuchovya ndani ya chupa kikaandika entropi.

Hapo ndipo volteji inapotusaidia. Kazi kubwa kabisa ambayo seli inaweza kufanya ni chaji iliyopita ikizidishwa na volteji. Moli moja ya elektroni hubeba kulombi 96,485, kiasi kinachoandikwa F kwa heshima ya Faraday. Kama mmenyuko unapitisha moli n za elektroni, kazi hiyo ni nFE, na nishati huru inashuka kwa kiasi hichohicho. Thermodinamikia inatuambia pia kwamba halijoto ikipanda kwa nyuzi moja, shinikizo likibaki lilelile, nishati huru ya mmenyuko hubadilika kwa kiasi kilicho sawa na entropi yake, kwa alama ya kinyume. Ukiziunganisha kauli hizo mbili, alama za kutoa zinauana na kinabaki hiki:

ΔS = nF × (dE/dT)

Upande wa kulia hakuna kitu cha kificho. dE/dT ni jinsi volteji inavyopanda au kushuka kwa kila nyuzi moja ya halijoto. Ni mteremko wa mstari utakaochora kwenye karatasi ya grafu. Mstari ukipanda, entropi ya mmenyuko inaongezeka na seli itanyonya joto. Mstari ukishuka, entropi inapungua na seli itatema joto. Mstari ukiwa bapa, Thomson alikuwa sahihi.

Mwaka 1922, mkemia R. H. Gerke alichapisha katika jarida la Chama cha Kemia cha Marekani vipimo vya seli kadhaa za aina hii, na seli yetu ikiwemo. Alipata volteji ya 0.0455 kwenye nyuzi 25, na mteremko wa chanya 0.000338, yaani milivolti 0.338 kwa kila nyuzi. Fanya hesabu pamoja nami. Elektroni inayopita ni moja kwa kila atomu ya fedha, hivyo n ni 1. Zidisha 96,485 kwa 0.000338, unapata jouli 32.6 kwa moli kwa kila kelvini. Hiyo ndiyo entropi ya mmenyuko.

Sasa zidisha 32.6 kwa halijoto. Hapa lazima utumie kelvini, sio Selsiasi, kwa hiyo ni 298.15. Jibu ni kilojouli 9.72. Hilo ni joto ambalo seli inalinyonya ikifanya kazi polepole mno mpaka moli moja ya fedha iishe. Kazi ya umeme, 96,485 mara 0.0455, ni kilojouli 4.39. Toa hizi kwenye zile: kilojouli 5.33. Hicho ndicho kiasi kilichobaki ndani ya kemikali zenyewe, na ndilo lile joto ambalo mmenyuko ungelimeza kwenye bika bila kutoa umeme wowote. Kwa maneno mengine, ruzuku ya 9.72 imelipa deni la 5.33, na chenji ya 4.39 imetoka kama umeme. Hakuna jouli iliyozaliwa kutoka hewani, wala hakuna kanuni iliyovunjwa.

Lakini ruzuku hiyo inatoka wapi kikemikali? Hapa ndipo ninapoipenda seli hii kuliko nyingine zote. Tazama tena mmenyuko. Upande wa kushoto kuna nusu moli ya kalomeli, upande wa kulia kuna moli moja ya kloridi ya fedha. Ukifungua jedwali la entropi, vitu hivyo viwili vina karibu thamani moja, jouli 96 kwa kelvini kila kimoja, kwa hiyo vinafutana. Kinachobaki ni fedha upande wa kushoto, yenye 42.6, na zebaki upande wa kulia, yenye 76 hivi. Tofauti ni 33 na kidogo. Vipimo vya umeme vilisema 32.6. Karibu entropi yote ya seli hii inatokana na jambo moja: metali ngumu imeliwa, na metali ya majimaji imetoka. Zebaki ingekuwa ngumu kama fedha kwenye halijoto hii, sehemu ya ruzuku isingekuwepo.

Na angalia namba hizo za jedwali zilikotoka. Entropi ya fedha au ya kalomeli haikupatikana kwa seli. Ilipatikana kwa kupoza kipande cha kitu mpaka karibu na sifuri halisi, nyuzi 273 chini ya sifuri ya Selsiasi, kisha kukipasha kidogokidogo na kupima kila hatua kinahitaji joto kiasi gani. Ni kazi ya maabara nyingine kabisa, yenye hidrojeni ya majimaji na vipimajoto vya waya wa platini. Kazi hizo mbili, moja ya baridi kali na nyingine ya mita ya volti, kukutana kwenye namba zinazokaribiana kiasi hiki kulikuwa na uzito mkubwa katika miaka hiyo, kwa sababu kanuni ya tatu ya thermodinamikia ilikuwa bado inajadiliwa, na watu kama G. N. Lewis wa Berkeley walikuwa wanakusanya majedwali ya entropi.

Msomaji anaweza kuuliza: kwa nini usiweke tu kipimajoto ndani ya seli na kutazama inavyopoa? Kwa sababu utasubiri sana. Hata kama ungeweza kuvuta miliamperi 1 kutoka kwenye seli hii, moli moja ya fedha ingechukua miaka mitatu hivi kuisha, na upoaji ungekuwa wa miliwati 0.1. Joto la mkono wako unapokaribia chombo lingetosha kuufunika. Volteji, kinyume chake, haihitaji mkondo. Inasomwa seli ikiwa imetulia, na habari yote ya joto imo ndani ya mteremko wake.

Sasa twende maabara, kwa sababu kanuni hii ni fupi lakini ina mitego.

Seli huwekwa ndani ya beseni la maji lenye kidhibiti halijoto na kikorogeo, na husomwa kwenye nyuzi 15, 20, 25, 30 na 35. Kwa mteremko wa Gerke, seli nzuri inatakiwa kusoma takriban milivolti 42.1, 43.8, 45.5, 47.2 na 48.9. Kutoka mwanzo hadi mwisho ni milivolti 6.8 tu. Hii inashangaza kidogo, kwa sababu mita ya kawaida ya mafundi wa umeme, ikiwekwa kwenye kipimo cha milivolti 200, inaonyesha hadi sehemu ya kumi ya milivolti. Ukikosea sehemu moja ya kumi kila mwisho wa mstari, umekosea kama sehemu tatu kwa mia. Kwa kifaa cha bei rahisi sio vibaya. Lakini mita hiyohiyo kwenye kipimo cha volti 2 inaonyesha milivolti nzimanzima, na hapo mstari wako utakuwa ngazi ya vidato sita, na mteremko wake utakuwa wa kubahatisha.

Mtego wa kwanza ni haraka. Beseni likifika nyuzi 30, haina maana kwamba uji wa kalomeli ndani ya kioo umefika, na hata ukifika, mpaka wa chumvi na maji yaliyoiyeyusha unahitaji muda wa kutulia upya. Mwenye haraka anasoma namba inayotembea. Dawa yake inajulikana: panda na halijoto hadi 35, kisha rudi chini kwa hatua zilezile. Kama kwenye nyuzi 25 ulisoma 45.5 ukipanda na 45.5 ukishuka, seli imetulia. Kama umepata namba mbili tofauti, umepima uvivu wa seli, na hakuna kuchukua wastani hapo. Subiri zaidi au tengeneza seli upya.

Mtego wa pili ni pande mbili za seli kuwa na halijoto tofauti. Metali iliyo kwenye maji moto na metali iliyo kwenye maji baridi huzaa volteji ya peke yake, ambayo haihusiani na entropi unayoitafuta. Ikiwa upande mmoja wa chombo umetokeza nje ya maji ya beseni, kosa hilo litakua kadiri unavyopasha, na litajificha ndani ya mteremko bila kukuaga. Grafu itakuwa nzuri, mstari utanyooka, na jibu litakuwa si sahihi. Kwa hiyo chombo kizamishwe chote, na waya wa pande zote mbili ziunganishwe na nyaya za mita mahali penye halijoto moja.

Mtego wa tatu ni uchafu na mwanga. Kloridi ya fedha huathiriwa na mwanga. Ukiiacha dirishani inabadilika rangi na kuwa ya zambarau. Bromidi kidogo ndani ya kloridi ya potasiamu nayo inatosha kuiharibu, kwa sababu bromidi ya fedha ni ngumu zaidi kuyeyuka na itachukua nafasi kwenye waya. Dalili ya uchafu ni volteji kutoafikiana kati ya seli mbili zilizotengenezwa kwa njia moja. Ndiyo maana anayejua kazi hatengenezi seli moja; hutengeneza mbili au tatu na kuzilinganisha kabla hajaanza kupasha.

Seli hii ina fadhila moja inayofidia usumbufu huo. Pande zote mbili zinategemea kloridi ya maji yaleyale. Ukiongeza chumvi au ukipunguza, kila upande unasogea kwa kiasi kimoja na tofauti inabaki palepale. Hakuna daraja la chumvi, hakuna mpaka wa vimiminika viwili, na jibu ni la vitu safi: metali mbili na chumvi mbili zisizoyeyuka. Seli ya Daniell haina raha hiyo. Ina vimiminika viwili vinavyokutana, mpaka wao una volteji yake inayobadilika na halijoto, na entropi unayoipata inategemea umeyeyusha salfati kiasi gani kila upande. Wanafunzi wengi huanzia kwa Daniell kwa sababu zinki na shaba zinapatikana, kisha wanashangaa kwa nini jibu halilingani na la kitabuni. Mara nyingi hawakukosea kupima. Wamepima kitu kingine.

Kuna kosa la kwenye karatasi pia. Ukiandika mmenyuko wetu kwa kuzidisha kila kitu kwa mbili, ili kuondoa ile nusu ya kalomeli, volteji haibadiliki hata kidogo, na mteremko haubadiliki. Lakini n inakuwa 2, na entropi inakuwa 65.2. Namba zote mbili ni sahihi, kila moja kwa mmenyuko wake. Mtu akikupa entropi bila kukuandikia mmenyuko, hajakupa kitu.

Na mteremko ndio unaobeba mzigo wote. Kosa la sehemu ya mia ya milivolti kwa kila nyuzi linahamisha entropi ya seli hii kwa jouli 1 hivi, na joto la mmenyuko kwa kilojouli 0.29, kwa sababu linazidishwa na 298. Volteji yenyewe ikikosewa kwa sehemu ya mia ya milivolti, joto halitikisiki kwa kiasi cha kuonekana. Tumia muda wako kwenye halijoto, sio kwenye desimali za volteji moja.

Gerke alipima pia seli yenye risasi badala ya kalomeli, ambamo risasi inachukua klorini kutoka kwa kloridi ya fedha. Volteji yake ni 0.490 na mteremko unashuka, hasi milivolti 0.186 kwa nyuzi. Elektroni ni mbili, kwa hiyo entropi ni hasi 35.9, na joto la mmenyuko linakuja hasi kilojouli 105.3. Ukiongeza na kutoa joto la kuundwa kwa kloridi ya risasi na kloridi ya fedha kutoka majedwalini, unapata hasi 105.4. Huku kodi inakatwa: kati ya kilojouli 105.3, umeme unapata 94.6, na zinazobaki zinatoka kama joto hata seli ikienda taratibu kiasi gani.

Njia hiyohiyo inatumika leo kwa betri za lithiamu. Mhandisi huchaji betri hadi kiwango fulani, huiacha itulie kwa saa kadhaa, hubadilisha halijoto, husoma volteji, kisha huhamia kiwango kingine cha chaji na kurudia. Tofauti na seli ya Gerke, mteremko hapa haubaki mmoja. Hubadilika kadiri lithiamu inavyojaa au kupungua ndani ya elektrodi, na unaweza kutoka hasi ukawa chanya. Joto la ukinzani wa ndani hukua kwa mraba wa mkondo na halijali mkondo unaelekea wapi. Joto la entropi hukua sambamba na mkondo, na hugeuka alama mkondo ukigeuka. Ndiyo sababu betri yenye oksidi ya kobalti ikichajiwa polepole sana inaweza kupoa kidogo kwa muda, lakini ikichajiwa haraka hupata moto: ukinzani umeifunika entropi.

Kwa mwalimu wa kemia anayetaka kulifanya zoezi hili na wanafunzi: usianze na zebaki. Mvuke wake ni sumu, haunusiki, na tone likiingia kwenye ufa wa sakafu hubaki humo likivukiza kwa muda mrefu. Tumia kipande cha zinki na waya wa fedha uliovikwa kloridi, vyote ndani ya kloridi ya zinki iliyoyeyushwa majini. Volteji yake ni ya karibu volti moja, inashuka halijoto ikipanda, na haina daraja la chumvi la kukusumbua. Ila huko kloridi ya zinki imo ndani ya maji na inashiriki kwenye mmenyuko, kwa hiyo entropi utakayopata ni ya myeyusho wa ukolezi huo tu. Uandike ukolezi huo pamoja na jibu, na uandike mmenyuko wenyewe juu yake.